Jina la Bidhaa Si Maelezo ya Bidhaa

Waswahili husema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aghalabu wanafunzi wa Kiswahili wanapoombwa kubuni jina la bidhaa mpya, huuchukua msemo huu na kuugeuza kuwa kanuni: kwamba jina bora ni lile linalotaja wema wa bidhaa waziwazi. Kanuni hiyo ina kasoro. Neno linaloieleza bidhaa vizuri zaidi ndilo linalomfaa mwenye bidhaa kidogo zaidi, kwa kuwa neno hilo ni mali ya kila mtu.

Chukua mfano wa kikundi cha vijana wa Mombasa wanaotaka kufungasha kachri, yaani vipande vyembamba vya muhogo vilivyokaangwa na kutiwa chumvi na pilipili. Kachri huuzwa tangu zamani barabarani na nje ya shule, bila jina la mwenyewe. Vijana hawa wanataka mfuko wenye jina litakalotambulika dukani. Katika kikao cha kwanza wanaandika majina mengi bila kuyahukumu, kisha wanabakiza sita: Kachri Bora, Krunchi, Lulu, Kau, Nanga na Tekenya.

Kachri Bora ndilo linalopendwa na wengi, nalo ndilo linalopasa kuondoka kwanza. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, kinakubali neno lililobuniwa, au neno lisilotaja moja kwa moja sifa au ubora wa bidhaa, na ambalo kwa maana yake ya kawaida si jina la mahali wala la ukoo. Kachri ni jina la chakula chenyewe, na bora ni sifa. Hata tahajia yake haijatulia, kwani wako waandikao kachri na waandikao kachiri. Lakini sababu kubwa si ya kisheria tu. Katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kulisajili neno kikoi, kwa tahajia ya kikoy, kuwa alama yake huko, Wakenya walilalamika, na kwa haki. Wafumaji na wauzaji wangezuiwa kutumia jina la nguo yao wenyewe. Haiwezekani kuitetea kikoi ughaibuni kisha kuifungia kachri nyumbani. Mama anayekaanga mihogo kando ya barabara ana haki ileile.

Krunchi nalo linaiga mlio wa kitu kikavu kinapotafunwa. Kwa macho linaonekana jipya, ila msikilizaji hatalitofautisha na Crunchie, chokoleti iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1929. Kubadili herufi hakuliondoi jina katika mgongano. Alama mbili hulinganishwa kwa macho, kwa sikio na kwa maana, na kufanana kwa namna moja tu kwaweza kutosha kuzua pingamizi.

Ndipo mtihani wa sikio unapohitajika, nao ndio aghalabu hurukwa. Nchini Kenya vitafunio vingi huagizwa kwa kutamkwa: mtoto husimama mbele ya duka na kumwitia mwenye duka aliye nyuma ya wavu. Basi jina na litamkwe kwa simu kwa watu kumi ambao hawajaliona, wa lugha za mama mbalimbali, na kila mmoja aliandike. Kisha waliosoma maandishi pekee waombwe walitamke. Hitilafu zikijirudia, kosa ni la jina, si la watu. Hapa fonolojia ya darasani inapata kazi. Lulu, neno lenye uzuri usio na shaka, litageuka Ruru kwa wasemaji ambao lugha zao za kwanza hazitofautishi l na r. Hali kadhalika, jina lenye sh au z litabadilika kinywani mwa baadhi ya wasemaji wa Kijaluo. Jina la kuuzwa nchi nzima na lijengwe kwa sauti ambazo karibu kila mtu anazo.

Kau lilitokana na tanakali ya sauti: kavu kau. Ni fupi, na kwa mpenzi wa lugha lina ladha. Hata hivyo, mtu aliyezoea Kiingereza akilisikia atamwona ng'ombe, si muhogo. Fauka ya hayo, Kau ni mji mkongwe wa delta ya Mto Tana, na kifungu kilekile cha 12 hakipendelei majina ya mahali.

Nanga lilishinda mtihani wa sikio bila taabu. Ni neno la pwani, watu wote huliandika sawa, wala halisemi lolote kuhusu muhogo. Ila maana yake ina milango miwili ya hatari. Wa kwanza ni wa matumizi: nchini Tanzania kitenzi kunanga husikika mitaani kwa maana ya kumsema mtu vibaya. Hilo si la kuliua jina, lakini anayetarajia kuuza huko alijue mapema. Mlango wa pili ni mzito zaidi. Nanga kwa Kiingereza ni Anchor, nalo ni jina mashuhuri la siagi na maziwa ya New Zealand. Katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa, krispi za viazi huwekwa daraja la 29, pamoja na siagi na maziwa. Kuwa daraja moja hakumaanishi bidhaa zinafanana, ila kunatosha kumpa mwenye Anchor sababu ya kuuliza. Anayepekua neno la Kiswahili bila kupekua tafsiri yake amefanya nusu ya kazi.

Limebaki Tekenya. Neno hili halitaji chakula wala ubora wake. Linadokeza tu kile ambacho pilipili huufanyia ulimi. Sauti zake ni nyepesi, mkazo unajulikana, na tahajia ni moja. Wako watakaosikia utani wa mahaba ndani yake. Utani huo upimwe kwa kuwauliza wazazi na walimu, maana kachri huliwa sana na watoto.

Baada ya hapo, na si kabla, ndipo upekuzi ufanywe katika sajili ya KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara nchini. Madaraja yote mawili yapekuliwe, la 29 na la 30, ambamo vitafunio vya nafaka na bisi huwekwa. Kusajili jina la biashara kwa msajili wa kampuni ni jambo jingine, wala hakumpi mtu haki ya alama. Ombi likikubaliwa hutangazwa katika jarida la taasisi hiyo kwa siku 60 ili mwenye pingamizi aseme. Likisajiliwa, ulinzi hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa. Mifuko isichapishwe kabla ya siku hizo 60 kwisha. Pingamizi likija mifuko ikiwa imeshachapishwa, itakuwa takataka, na mtaji wa kikundi kidogo mara nyingi huwa umelala humo.

Huenda sajili ikalikataa hata Tekenya. Ikiwa hivyo, vijana watarudi kwenye orodha yao wakiwa wamepoteza ada ya upekuzi tu. Neno kachri, kwa vyovyote vile, litaandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina lolote litakaloshinda, likiwa pale linapostahili: jina la chakula, mali ya wote wakaangao.