Saizi 14 au 16? Hesabu ya inchi kabla ya kulipia gauni

Mama mmoja alitaka kuagiza gauni la sherehe ya kumuaga mdogo wake anayeolewa. Duka la mtandaoni lilionyesha saizi kwa inchi, na lilisema wazi kwamba nguo ya mapambo hairudishwi. Yeye alijipima kwa tepu ya sentimita: kifua 94, kiuno 74, nyonga 103.

Saizi 14 iliandikwa kifua 38, kiuno 31, nyonga 41. Akazidisha kila namba kwa 2.5, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Nyonga ikatoka 102.5, pungufu kuliko yake. Akaamua kuchukua 16, ila kabla ya kulipa akapita kwa fundi wake.

“Dada, inchi moja ni sentimita 2.54,” fundi akamwambia. “Hicho kidogo unachokiacha kinajikusanya.”

Wakarudia hesabu. Inchi 41 mara 2.54 ni 104.14. Tofauti na hesabu ya kwanza inazidi sentimita moja na nusu, na ndiyo iliyokuwa inampeleka kwenye saizi isiyo yake, yenye mabega mapana. Fundi alizidisha kwanza, kisha akasogeza jibu hadi nusu sentimita iliyo karibu, maana tepu juu ya mwili unaopumua haisomi kwa usahihi zaidi ya hapo. Saizi 14 ikawa kifua 96.5, kiuno 78.5, nyonga 104.

Saizi 12, yenye inchi 36, 29 na 39, ikawa 91.5, 73.5 na 99. Kwa kiuno, mama huyo ni 12 kabisa. Kwa kifua yuko katikati ya saizi mbili, na kwa nyonga yuko karibu na 14.

Hapo kitambaa ndicho kinachoamua. Gauni lilikuwa la pamba isiyovutika, kwa hiyo sehemu ya mwili iliyo kubwa zaidi kwenye jedwali ndiyo inayochagua saizi: 14. Kiuno kitapwaya kama sentimita nne na nusu, na fundi atakibana. Kupanua ni vigumu, kwa sababu nguo za dukani huachiwa kitambaa kidogo sana ndani ya mshono. Kama lingekuwa la kitambaa kinachovutika, angeweza kuchukua saizi iliyo karibu, hata ikiwa ndogo kidogo.

Fundi akauliza jambo moja la mwisho: namba zile ni za mwili au za nguo yenyewe? Jedwali liliandikwa vipimo vya mwili, hivyo nafasi ya kupumua na kukaa ilikwisha kuongezwa na mshonaji. Zingekuwa za nguo, gauni la nyonga 104 lingembana mwenye nyonga 103 mara tu anapoketi.

Akalipia 14.