Haki ya kujua mwenzako analipwa kiasi gani

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inamtaka mwajiri awalipe wafanyakazi wake ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tanzania nayo, katika kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamwagiza mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata ujira sawa kwa kazi ya namna hiyo. Chimbuko la maneno hayo ni Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, ambao nchi zote mbili zimeuridhia. Kwa maandishi, basi, mambo yako sawa. Lakini mfanyakazi anayehisi anapunjwa akienda kudai, swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: unalipwa pungufu kuliko nani, na kwa kiasi gani? Wengi hukwama hapo hapo. Slipu ya mshahara humwonyesha mtu ya kwake tu, na maofisini kumuuliza mwenzako anachopata huonekana ni utovu wa adabu, pengine hata kosa la kuitiwa kwa bosi. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba haki ya malipo sawa bila haki ya kuuliza malipo ya wengine haitekelezeki, na kwamba haki hiyo ya kuuliza inaweza kutolewa bila kuanika mshahara wa mtu yeyote.

Tuangalie kwanza jinsi ushahidi unavyopangwa. Chini ya sheria ya Tanzania, mwajiri hulazimika kujitetea pale tu mfanyakazi anapokuwa ameonyesha, kwa kuangalia juu juu, kwamba kuna ubaguzi. Sheria ya Kenya inamtwisha mwajiri mzigo huo kwa maneno makali zaidi, ila mahakama zake nazo humtaka mlalamikaji aweke kwanza msingi wa madai. Msingi wenyewe ni tarakimu, na tarakimu ziko kwenye kompyuta ya mhasibu. Mlalamikaji anatakiwa aje na kitu ambacho mlalamikiwa amekifungia. Ndiyo maana madai ya aina hii mara nyingi huzaliwa kwa bahati: karatasi iliyosahaulika kwenye mashine ya kurudufu, au mwenzako anayeacha kazi na kuropoka siku ya kuagana.

Kisa mashuhuri kuliko vyote vya bahati hiyo ni cha Lilly Ledbetter, aliyekuwa msimamizi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, jimbo la Alabama, Marekani. Alifanya kazi karibu miaka 19. Kuelekea mwisho wa utumishi wake mtu asiyejulikana alimwachia kikaratasi chenye mishahara ya wasimamizi wenzake. Mwishoni mwa mwaka 1997 yeye alikuwa akipata dola 3,727 kwa mwezi. Mwanamume aliyelipwa kidogo kuliko wote katika cheo kile alipata dola 4,286, na wa juu kabisa dola 5,236. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi, lakini mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema amechelewa: alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumpunja ulipofanywa, yaani miaka mingi kabla hajajua kwamba anapunjwa. Bunge lilibadili sheria mwaka 2009, hivyo kila mshahara wenye upunjaji sasa hufungua upya hesabu ya siku. Kwetu tatizo la saa halijapata kujadiliwa vya kutosha. Kanuni za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania hutoa siku 60 kwa migogoro isiyohusu kuachishwa kazi. Ni muda mfupi mno kwa jambo ambalo mtu anaweza kuligundua mwaka wa kumi, na anayekuja nje ya muda huo hana budi kuanza kwa kuomba aongezewe.

Wapo wanaodhani dawa ni kuwaruhusu tu watu waambiane. Uhuru huo unahitajika, na vipengele vya mikataba vinavyomkataza mfanyakazi kutaja mshahara wake mwenyewe ni vya kufutwa. Hata hivyo, hautoshi, kwa sababu sheria inazungumzia kazi yenye thamani sawa, ambayo si lazima iwe kazi ile ile. Julie Hayward alikuwa mpishi katika kantini ya karakana ya meli ya Cammell Laird, Birkenhead, Uingereza. Alijilinganisha na mpaka rangi, seremala na fundi wa kuziba joto wa karakana hiyo hiyo, wote wanaume na wote wakilipwa zaidi. Mtaalamu huru hakuuliza nani anashika mwiko na nani anashika brashi. Alipima ujuzi na maarifa, uwajibikaji, upangaji na maamuzi, nguvu ya mwili, na mazingira ya kazi, akaona kazi hizo zinalingana kwa thamani. Mwajiri alijitetea kwamba mpishi anapata chakula cha bure na masharti mengine bora, kwa hiyo ukijumlisha yote hajapunjwa. Mwaka 1988 mahakama ya juu kabisa nchini humo, wakati huo ikiwa Baraza la Mabwana, ilikataa: kila sharti la mkataba hulinganishwa peke yake, mshahara wa msingi kwa mshahara wa msingi.

Utetezi ule ungesikika wa kawaida kabisa Nairobi au Dar es Salaam, ambako sehemu kubwa ya pato hujificha ndani ya marupurupu: nyumba, usafiri, simu, posho ya vikao. Watumishi wa umma wanajua ngazi zao za mishahara, na yeyote anaweza kuzijua. Tofauti huanzia kwenye posho. Kwa hiyo mpishi wa kantini hahitaji kujua analipwaje mpishi mwenzake, ambaye huenda wanapunjwa pamoja. Anahitaji kujua kundi lake linapata nini likilinganishwa na kundi lenye uzito sawa, na jibu hilo lazima litenganishe mshahara wa msingi na marupurupu.

Umoja wa Ulaya umeandika utaratibu wa namna hiyo katika agizo lake la mwaka 2023, ambalo nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao. Mfanyakazi anaandika barua. Mwajiri anapaswa kumjibu ndani ya miezi miwili, akimweleza kiwango chake mwenyewe na wastani wa malipo, wanawake kando na wanaume kando, kwa kundi la wanaofanya kazi ile ile au yenye thamani sawa. Jibu lisipokamilika ana haki ya kudai ufafanuzi. Anaweza kuomba yeye, au chama cha wafanyakazi kimwombee ili jina lake lisiwe mezani mapema. Jibu halimtaji mtu, na mwajiri anaruhusiwa kumtaka aliyepewa taarifa za wengine azitumie kwa ajili ya kudai haki ya malipo sawa tu, asizigeuze porojo za kijiweni. Kwa maoni yangu faida kubwa ya utaratibu huu hutangulia barua yenyewe: mwajiri hawezi kujibu bila kuwa ameshapanga kazi zake katika makundi, na wengi hawajawahi kuzipanga.

Pingamizi linalosikika zaidi ni wivu. Halina uongo wote ndani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California, ambako mishahara ilikuwa wazi mtandaoni, ulionyesha kwamba waliojigundua wako chini ya wenzao walipungukiwa na hali ya kuridhika kazini na kuanza kufikiria kuondoka, huku walio juu wasiongezewe raha yoyote. Ila tuulize kinachowakera ni nini. Kama tofauti ina sababu, mwajiri anaweza kuieleza: miaka ya kazi, cheti, zamu za usiku. Kama haielezeki, aliyeghadhibika ana haki ya kughadhibika. Isitoshe, siri haiondoi wivu. Huuachia uvumi, na uvumi wa mishahara kwa kawaida hutia chumvi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: huyu alijua kujadiliana, yule hakujua. Mahakama ya Kazi ya Shirikisho ya Ujerumani ilikutana nalo tarehe 16 Februari 2023. Mwanamke na mwanamume waliajiriwa kampuni moja kwa kazi ile ile, kila mmoja akapewa yuro 3,500. Mwanamume aligoma, akaanza na 4,500. Mwanamke alikubali alichopewa. Mahakama ilisema kujadiliana vizuri, peke yake, si sababu ya kutosha kuondoa dhana ya ubaguzi. Naona uamuzi huo ni sahihi, kwa sababu anayejadiliana bila kujua wengine wanalipwaje anabahatisha, na anayebahatisha vizuri mara nyingi ni yule aliyedokezwa na rafiki yake wa ndani.

Lipo la tatu ambalo watetezi wa uwazi hawapendi kulitaja. Denmark ilipozitaka kampuni zenye wafanyakazi 35 au zaidi kutoa takwimu za malipo kwa jinsia, kwa sheria ya mwaka 2006, pengo lilipungua, lakini hasa kwa sababu mishahara ya wanaume ilipanda polepole zaidi. Anayetaraji kwamba uwazi utanyanyua mishahara yote anajidanganya. Uwazi husawazisha, na kupandisha ni kazi ya majadiliano ya pamoja.

Huko kwenye majadiliano ya pamoja tayari kuna mlango ambao haupitiwi vya kutosha. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 kinamlazimu mwajiri kukipa chama cha wafanyakazi taarifa zote zinazohitajika ili kijadiliane ipasavyo, na kifungu cha 70 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania kinatoa wajibu kama huo kwa chama kilichotambuliwa. Hakuna kinachozuia chama kuandika, kabla ya kuketi mezani, kikiomba wastani wa mshahara wa msingi na wa kila posho, kwa kila kundi la kazi na kwa jinsia. Mara nyingi vyama hudai asilimia ya nyongeza, na asilimia ileile juu ya mishahara isiyo sawa huongeza pengo kwa shilingi. Upungufu wa njia hii ni kwamba mameneja hawamo, na mahali pasipo na chama hapana wa kuandika.

Hapo ndipo sheria zetu zinapohitaji nyongeza, na kikwazo chake cha kweli ni ukubwa wa kundi. Kama wahasibu ni watatu, wawili wanaume na mmoja mwanamke, wastani unakaribia kutaja watu kwa majina. Agizo la Ulaya linaziruhusu nchi katika hali hiyo kuzipeleka tarakimu kwa wawakilishi wa wafanyakazi, mkaguzi wa kazi au chombo cha usawa peke yao, nao wamshauri mfanyakazi kama ana dai au hana, bila kumwambia nani anapata nini. Kenya na Tanzania zina maofisa kazi wenye mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua kumbukumbu za mishahara. Wanachokosa ni wajibu wa kumjibu mfanyakazi mmoja aliyekuja na swali moja, ndani ya muda uliotajwa, na kanuni inayosema siku za kulalamika zianze kuhesabiwa tangu alipopata jibu hilo.