Kadhi anampa mwaka, sisi tunampa usiku mmoja

Leo tuna ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa ndani ya nyumba zetu. Tunagombana na baadhi ya mawaidha yanayozunguka kwenye simu, na wauza dawa wanaonenepa kwa mawaidha hayo, na sisi wenyewe wanawake tunaokaa nje ya mlango wa chumba cha maharusi kusubiri habari.

Binti mmoja wa Unguja aliolewa Mitundu, bara huko mkoani Singida, kwenye njia ya kutoka Itigi kwenda Rungwa. Mume ni kijana wa dini, anauza asali na jioni anasomesha watoto chuoni. Hakuwahi kumgusa mwanamke kabla ya ndoa. Yeye na mkewe wameridhia tuyaeleze haya bila majina, ili wengine wafaidike.

Usiku wa kwanza uume ulisimama vizuri, ila alipomkaribia mkewe ukalala. Usiku wa pili haukusimama kabisa. Asubuhi ya tatu wanawake wa nyumbani walianza kuuliza kwa mafumbo, na siku ya nne kaka mtu akaleta vumbi la Kongo. Alilitumia moyo ukaenda mbio na kichwa kikamuuma, na jingine halikuwa. Ikasemwa amefungwa, akatafutwa mganga. Kufika wiki ya tatu bwana alikuwa anakaa msikitini hadi usiku mwingi ili akirudi amkute mke amelala, na mke naye anajiuliza kama anachukiwa.

Siku aliyofungua mdomo hakutaja jini wala hasidi. Alisema kwamba ujanani alikuwa akijichua, na kwamba aliwahi kusikia kwenye mawaidha kuwa mwenye kufanya hivyo Mwenyezi Mungu humvua nguvu za kiume, na akioa ataaibika mbele ya mkewe. Alitubu miaka mingi nyuma. Lakini hofu ile ilibaki, na usiku wa harusi ilipanda naye kitandani.

Hapa ndipo tunaposimama. Kujichua madhehebu yetu ya Shafii yanakuharamisha, na hatubishani na hukumu. Tunachobishia ni mtu kuchukua dhambi na kuigeuza ugonjwa. Dhambi ina toba, na ikitubiwa imekwisha. Kujichua hakukati mishipa ya uume wala hakumalizi mbegu. Anayesema kunakata hatoi fatwa, anatoa habari ya tiba, na habari hiyo si kweli. Mbaya zaidi, inajitimiza yenyewe. Mwambie kijana kwa miaka kumi kwamba siku yake itafika na hatoweza, kisha umtie chumbani na watu mlangoni, uone.

Maana uume hausimami kwa amri. Husimama mishipa ya damu inapolegea, damu ikaingia na kufungiwa ndani, na neva zinazofanya kazi hiyo hufanya kazi pale mwili umetulia. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, ile ile inayotufanya tukimbie mbwa. Adrenalini hubana mishipa hiyo na damu ikaondoka. Mwili hauulizi kama kinachoogopwa ni mbwa, mama mkwe au adhabu ya Mungu. Na akishindwa mara moja, mara ya pili hawi tena na mkewe. Anajichungulia mwenyewe, umesimama au haujasimama, na kule kujichungulia ndiko kunakoulaza.

Kuna swali moja ambalo kungwi wetu angelifundisha kabla ya udi na vikuba: je, alfajiri akiamka, husimama? Bibi harusi wa Mitundu aliuliza, akajibiwa ndiyo, karibu kila siku. Basi mishipa ni mizima, na neva pia. Ungekuwa ni uharibifu au kufungwa, ungeshindwa alfajiri kama unavyoshindwa usiku. Unaposhindwa mbele ya mke tu, na ulianza kwa ghafla, mtazame hofu kwanza.

Sasa tazameni dini yenyewe ilivyo na huruma kuliko sisi. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya mwanamke aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumshitakia mume mpya, akashika ncha ya nguo yake kuonyesha hali ya bwana huyo. Sahaba aliyekuwa mlangoni alitaka anyamazishwe. Mtume alitabasamu tu. Na katika fiqhi ya Shafii, imo kwenye Minhaji ya Imamu Nawawi inayosomeshwa darsani kwetu, mke akilalamika kwamba mume hamuwezi na ikathibiti, kadhi humpa mume muda wa mwaka mzima. Wanavyuoni wakaeleza kwa nini mwaka: zipite nyakati zote nne, ya joto na ya baridi, ya ukavu na ya unyevu, huenda tabia ya mwili ikabadilika. Mwaka! Sisi tunampa usiku mmoja, tukijitahidi sana fungate ya siku saba, na ya tatu tumeshamwita hanithi, neno ambalo mitaani tumeshalifanya tusi.

Hili si letu peke yetu. Wamarekani wawili, William Masters na Virginia Johnson, walichapisha mwaka 1970 kitabu juu ya matatizo haya, na miongoni mwa vyanzo wakataja malezi makali ya dini, na hao walikuwa watu wa nyumba za Kikristo na Kiyahudi. Tiba yao inashangaza kwa urahisi wake: kwanza wanandoa hukatazwa kuingiliana.

Ndivyo walivyofanya wale wa Mitundu. Walikubaliana wiki mbili hakuna jimai, hata uume ukisimama. Kila usiku nusu saa hivi, kwa zamu, mmoja anapapasa na mwingine anasema panapompendeza, sehemu za siri zimeachwa. Wiki ya tatu zikaingizwa nazo, bila ya kutaka lolote. Ukisimama wanauacha ulale, kisha wanaendelea, na hapo ndipo mume alipoona kwa macho yake kuwa kulala si mwisho, unarudi. Jimai ilikuja wiki ya tano, mke juu, bila ya kupangwa. Bado kuna usiku unalala. Hawamwiti mtu.

Lakini tusimfukuze daktari. Ikiwa hata alfajiri hausimami, au nguvu zimepungua polepole kwa miezi, hasa mtu akipita miaka arubaini, akapime sukari na presha, na aseme dawa anazokunywa, maana baadhi ya dawa za presha na za sonona hupunguza nguvu. Wa Mitundu wana hospitali ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi. Na vidonge vya sildenafili visinunuliwe kichochoroni: anayetumia dawa za moyo za naitreti akivichanganya, presha inaweza kuporomoka akafa. Unga wa kwenye karatasi haukuambii una nini ndani.

Mama wakwe, tunawaomba mlale mapema usiku wa harusi. Na masheikh wetu wanaosoma haya, mkitaja dhambi hiyo kwenye darsa, tajeni na toba katika pumzi ile ile, na adhabu za mishipa waachieni wenye maabara.