Jicho Hulinganisha, Halipimi

Mimi naona wauza nguo na wapaka rangi hulaumiwa mara nyingi kwa kosa lisilo lao. Chukua karatasi moja ya kijivu, ukate vipande viwili. Kimoja kiweke juu ya buibui jeusi, cha pili juu ya kanzu nyeupe. Kile cha juu ya buibui kitaonekana kimekwajuka, na utaapa si karatasi moja. Jicho hukilinganisha kitu na jirani yake.

Mwanakemia Chevreul aliligundua jambo hili Paris, katika kiwanda cha Gobelins. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akaona ila haimo katika nyuzi, imo katika rangi zilizo kando yake. Kitabu chake kilitoka 1839.

Basi kabla ya kumdai mtu fedha zako, toboa matundu mawili katika kadi moja. Funika nayo vipande vyote viwili, mandhari yake isionekane, kila tundu lionyeshe kijivu tu. Vyote vipate mwanga sawa, kwani kivuli hudanganya. Vikilingana, muuzaji hana hatia. Vikitofautiana, hapo dai haki yako.