Usiniambie Wastani wa Sava Moja

Wasomaji wangu, leo nataka tubishane kidogo kuhusu hesabu. Usikimbie! Ukijua kuzidisha utanifuata hadi mwisho.

Kuna kauli ninayoisikia mara kwa mara kwa wanaprogramu wenzangu: "Ukurasa wetu unauliza sava tano kwa wakati mmoja. Kila sava hujibu kwa wastani wa milisekunde 50. Kwa hivyo ukurasa utakuwa tayari kwa milisekunde 50 hivi, kwa sababu maswali yote yanaenda sambamba." Kauli hiyo inasikika kama ya mtu aliyefikiri, lakini si kweli. Tena ni kosa ambalo mtumiaji analilipia kila anapobofya.

Ukurasa unaosubiri majibu yote haumsubiri wa wastani, unamsubiri wa mwisho. Ni kama abiria 14 waliokata tiketi za matatu moja, na dereva ameapa haondoki hadi wote waketi. Haijalishi kwamba 13 walifika mapema. Saa ya kuondoka imo mikononi mwa yule mmoja aliyechelewa kuliko wote. Kwa hivyo swali halisi ni hili: ukichukua namba kadhaa za kubahatisha, ile kubwa kuliko zote hutabia vipi?

Tuchukue mfano rahisi kuliko yote. Tuseme kila sava hujibu wakati wowote kati ya milisekunde 0 na 100, bila kupendelea sehemu yoyote ya muda huo. Huu ndio huitwa mgawanyo sare. Tuseme pia kwamba sava hazitegemeani: kuchelewa kwa moja hakukuambii lolote kuhusu nyingine. Muda wa sava iliyochelewa kuliko zote tuuite M.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kuuliza, "Je, kuna uwezekano gani kwamba M ni milisekunde 80 kamili?" Hapo wanakwama, maana wanaanza kuorodhesha: labda sava ya kwanza ndiyo ya mwisho na nyingine ziko chini yake, au labda ni ya pili, au ya tatu. Msimamo wangu ni kwamba hilo ni swali baya la kuanzia. Uliza hivi badala yake: kuna uwezekano gani kwamba M *haizidi* 80?

Tofauti ni kubwa. Kusema kwamba iliyo kubwa kuliko zote haizidi 80 ni sawasawa na kusema kwamba *zote* hazizidi 80. Hakuna haja ya kujua nani alikuwa wa mwisho. Na kwa kuwa sava hazitegemeani, uwezekano wa "zote" unapatikana kwa kuzidisha. Sava moja haizidi 80 kwa uwezekano wa 80/100, yaani 0.8. Sava tano zote hazizidi 80 kwa uwezekano wa 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, ambao ni takriban 0.33. Ni ukurasa mmoja tu kati ya kila kurasa tatu.

Sasa ondoa 80 uweke x yoyote kati ya 0 na 100, na badala ya 5 weka n:

```
F(x) = P(M <= x) = (x/100)^n
```

Basi, tumemaliza! Hiki F(x) ndicho wanahisabati hukiita kitendakazi limbikizi cha mgawanyo. Kinalimbikiza uwezekano wote kuanzia chini hadi x. Kila unachotaka kujua kuhusu M kimo ndani yake.

Rudi kwa rafiki yetu wa milisekunde 50. Weka x = 50 na n = 5. Jibu ni 1/32, karibu asilimia 3. Yaani ule muda aliouita wa kawaida hutimia kwenye kurasa 3 tu kati ya 100. Zile nyingine 97 ni polepole kuliko alivyoahidi.

Je, wastani wa kweli wa M ni upi? Hapa pia sihitaji kanuni ngumu. Fikiria unasubiri huku ukiitazama saa. Uwezekano kwamba bado unasubiri muda wa x ukiwa umepita ni 1 − F(x). Ukijumlisha uwezekano huo kwa kila kipande kidogo cha muda kuanzia 0 hadi 100, unapata muda utakaosubiri kwa wastani. Kwa lugha ya mchoro, ni eneo lililo juu ya mstari wa F. Eneo la mstatili wote ni 100, na eneo lililo chini ya mstari wa F ni 100/(n+1). Toa la pili kwenye la kwanza:

```
wastani wa M = 100 - 100/(n+1) = 100 * n/(n+1)
```

Kwa sava moja tunapata 50, kama ilivyotarajiwa. Kwa sava tano tunapata 83.3. Usiniamini bure, jaribu mwenyewe kwenye tarakilishi yako:

```python
from random import random
n, N = 5, 100000
jumla = 0
for i in range(N):
    jumla += max(100*random() for k in range(n))
print(jumla / N)
```

Utaona namba iliyo karibu sana na 83.3. Tena kuna zawadi hapa. Kwa kuwa tunaijua F, hatuhitaji kuzalisha namba tano ili tuchague moja. Mstari huu mmoja unatoa M yenye tabia ileile kabisa:

```python
100 * random() ** (1/n)
```

Sababu yake ni fupi. Namba hiyo haizidi x pale tu `random()` isipozidi (x/100)^n, na uwezekano wa hilo ni (x/100)^n, yaani F yenyewe. Ukiwa unaiga mfumo wenye sava elfu moja, mstari huo unakuokoa kazi kubwa.

Sasa tufike mahali panapouma, napo ni kikomo cha kusubiri. Mtu anatazama sava moja, anaona kwamba inajibu kabla ya milisekunde 90 mara 9 kati ya 10. Anasema, "Vizuri, nitaweka kikomo cha 90. Ni mmoja tu kati ya kumi atakayeona kosa." Lakini ukurasa wake unauliza sava tano. Uwezekano wa zote kufika kabla ya kikomo ni 0.9 kwa kipeo cha 5, karibu 0.59. Watu 41 kati ya 100 wataona ukurasa wenye pengo au ujumbe wa kosa! Kila sava ikiangaliwa peke yake inaonekana nzima, kwa hivyo wanaozilinda wataapa kwamba hakuna tatizo.

Dawa ni kuisoma F kinyumenyume. Ukitaka kurasa 90 kati ya 100 zikamilike, tafuta x ambayo (x/100)^5 ni 0.9. Jibu ni karibu 97.9. Kikomo kinachostahili ni 98, si 90. Anza na ahadi unayotaka kumpa mtumiaji, kisha rudi nyuma hadi kwa sava moja. Wengi wetu tunaenda upande wa pili, ndipo tunapopotea.

Najua kuna msomaji atakayesema, "Sava halisi hazina mgawanyo sare." Naam, ni kweli. Sava za kweli kwa kawaida hujibu haraka mara nyingi, halafu mara mojamoja hukwama kwa muda mrefu sana, bila dari ya 100 wala ya 1,000. Lakini tazama tena hatua zetu. Mgawanyo sare tuliutumia mahali pamoja tu, tuliposema kwamba sava moja haizidi x kwa uwezekano wa x/100. Ile hatua ya "zote hazizidi" haikuuhitaji. Weka F ya sava yako mwenyewe, kama ulivyoihesabu kwenye logi, uipandishe kwa kipeo cha n, na hoja inabaki imesimama. Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa Google walitumia hesabu hiyohiyo katika makala yao ya mwaka 2013: ikiwa ombi 1 kati ya 100 huchukua zaidi ya sekunde moja, na ukurasa unauliza sava 100, basi karibu asilimia 63 ya kurasa zitachukua zaidi ya sekunde moja. Ni 1 − 0.99^100, basi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la kutotegemeana. Kama sava zako tano zote zinasoma hifadhidata moja, hifadhidata ikilemewa zote zitachelewa pamoja. Hapo kuzidisha hakufai. Zikitegemeana kabisa, zinakuwa kama sava moja na M inarudi kwenye wastani wa 50. Mifumo mingi huangukia katikati.

Utajuaje uko wapi? Usikisie. Kwa kila ukurasa andika kwenye logi muda wa sava zote tano, si ule wa mwisho pekee. Kisha chagua x moja, tuseme 80. Hesabu sehemu ya maombi ambayo kila sava haikuzidi 80, na uzizidishe hizo sehemu tano. Halafu hesabu sehemu ya kurasa ambazo zote tano hazikuzidi 80. Namba hizo mbili zikikaribiana kwa x mbalimbali, kanuni yetu inakufaa. Ile ya pili ikiwa kubwa zaidi kwa mbali, sava zako zina kitu wanachokigombania pamoja, na huko ndiko pa kwenda kutafuta, kabla hujanunua mashine nyingine.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaotuandikia ripoti za kasi ya tovuti ni dogo. Mkituonyesha wastani wa sava moja, andikeni kando yake ukurasa mmoja unauliza sava ngapi. Bila hiyo n, namba yenu haimwambii mtumiaji kitu.

Anayepinga alete F yake tuipandishe pamoja.