Kwa nini bia huamsha gauti kuliko pombe nyingine

Mama, kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye gauti (wengine huiita jongo), huenda umeshaambiwa umpunguzie nyama nyekundu na maini. Ushauri huo ni sahihi. Tatizo ni kwamba mara nyingi unaishia jikoni, na chupa ya bia inabaki mezani. Wapo pia wanaosema bia husafisha figo kwa sababu humfanya mtu akojoe sana. Kwa mgonjwa wa gauti, ukweli ni kinyume chake.

Gauti hutokana na asidi ya yuriki. Mwili hutengeneza asidi hii unapovunjavunja purini, vitu vilivyomo katika chembe za miili yetu na katika baadhi ya vyakula. Kwa kawaida figo huitoa kwenye mkojo. Ikizidi kiasi cha miligramu 7 kwa desilita ya damu, inaweza kuganda kuwa vijiwe vidogo vyenye ncha kali ndani ya viungo. Kidole gumba cha mguu huathirika sana kwa sababu sehemu hiyo ni ya baridi kuliko kifua au tumbo.

Bia huongeza asidi hiyo kwa njia tatu kwa pamoja. Kwanza, bia yenyewe ina purini zinazotoka kwenye kimea cha shayiri na hamira, na purini hizo hufyonzwa kwa urahisi. Pili, ini linapoichakata pombe, hutumia nguvu nyingi, na mabaki ya kazi hiyo huwa asidi ya yuriki. Tatu, pombe huongeza asidi ya maziwa kwenye damu, na hii huzifanya figo zirudishe asidi ya yuriki mwilini badala ya kuitoa. Kwa hiyo mtu anakojoa maji mengi, lakini asidi inabaki. Pombe kali na divai zina njia ya pili na ya tatu, ila purini zake ni chache sana.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani kwa miaka 12. Waliokunywa bia mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kupata gauti mara 2.5 ya wale ambao karibu hawanywi bia. Kwa pombe kali ilikuwa mara 1.6. Lakini usimwambie mgonjwa ahamie kwenye divai. Kwa mtu ambaye tayari ana gauti, pombe ya aina yoyote inaweza kuamsha shambulio ndani ya saa 24. Pombe za kienyeji za nafaka zisizochujwa nazo hubaki na hamira, na hata bia isiyo na kilevi ina purini.

Chukua mfano wa baba wa miaka 46. Jumamosi jioni anakunywa chupa tano za bia na nyama choma, maji hanywi. Saa nane usiku anaamka, kidole gumba kimevimba, ni chekundu na cha moto, hata shuka likigusa anaumia. Asubuhi anapimwa damu, asidi ya yuriki inasoma 6.2, anaambiwa si gauti. Hapa ndipo wengi hupotea. Wakati wa shambulio kipimo kinaweza kushuka na kuonekana cha kawaida. Anaporudia baada ya wiki tatu, kinasoma 8.9.

Ufanye nini usiku huo? Inua mguu, weka kitambaa chenye barafu kwa dakika 20 na mpe maji. Usimpe aspirini ya maumivu, kwani inaweza kuvuruga kiwango cha asidi. Dawa kama ibuprofeni husaidia, lakini mwenye figo mbovu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa moyo asipewe bila ushauri wa kituo cha afya. Kama tayari anatumia alopurinoli kila siku, asiiache kwa sababu ya shambulio. Mwambie pia mhudumu kama anatumia dawa za presha za kuongeza mkojo, kwani baadhi yake hupandisha asidi hii.

Kiungo kikivimba pamoja na homa kali au kutetemeka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, ambao unaweza kukiharibu kwa siku chache.

Shambulio likipita, lengo ni asidi kushuka chini ya miligramu 6. Kuacha bia husaidia, lakini mwenye mashambulio mawili au zaidi kwa mwaka mara nyingi huhitaji dawa ya kila siku pia. Panga naye tarehe ya kupima tena kabla hajasahau maumivu.