“Chunguza Wizi wa Stoo”: Hukumu Kabla ya Uchunguzi

Tuchukue mfano wa hoteli ya ufukweni ambayo madumu ya mafuta ya kupikia yamepungua. Karani wa stoo anasimamishwa kazi, na meneja anamwandikia mchunguzi: “Chunguza wizi wa stoo.” Ni maneno manne tu, lakini wizi umeshaamuliwa kabla ya shahidi hata mmoja kuulizwa.

Hadidu za rejea zilizo sawa zingesema: “Kubaini kama kati ya 1 Machi na 31 Mei madumu 14 yalitoka stoo bila hati iliyotiwa saini, na nani alishika ufunguo siku hizo.” Hapo mchunguzi anajua kazi yake inaanzia wapi na kuishia wapi. Akikuta jambo jingine njiani, haliongezi mwenyewe. Anaomba hadidu zibadilishwe kwa maandishi, na karani ajulishwe.

Muda nao utajwe, tuseme siku 14, usiongezwe bila sababu iliyoandikwa. Ripoti isiende kwa meneja, maana ndiye aliyekuwa akiidhinisha hati za stoo. Iende kwa mwenyekiti wa bodi.

Tena mchunguzi hatoi adhabu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa karani haki ya kuelezwa kosa na kusikilizwa kabla ya kufutwa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ripoti ikishaandika “afutwe”, kikao hicho kinabaki jina tu, na mahakama inaweza kuamuru alipwe mshahara wa hadi miezi 12.